Ualbino, jua la Moshi na mkasi wa DNA

"Mwalimu, kama kila seli ina vimeng'enya vya kurekebisha DNA, mbona watu wenye ualbino hapa Moshi wanaugua saratani ya ngozi? Au urekebishaji wao ni mbovu?" Ni swali la mwanafunzi wa kidato cha sita.

Wanaolaumu urekebishaji wana ushahidi wa kuanzia. Wapo watu wanaozaliwa na zeroderma pigmentosamu, ugonjwa ambao mfumo wa kukata na kujaza DNA umepungukiwa na protini mojawapo, nao hupata saratani ya ngozi wakingali watoto. Lakini jeni inayoleta ualbino kwa wengi hapa Tanzania, OCA2, inahusika na melanini, rangi ya ngozi inayozuia mionzi ya jua, wala si na mkasi huo. Mkasi wao ni mzima. Hata hivyo wanaosema kwamba kosa ni la jua peke yake nao hawajamaliza hoja, kwa kuwa mkasi mzima una mwendo wake, na seli inayogawanyika haiusubiri siku zote.

Tumchukue mama mwenye ualbino anayeuza ndizi juani katika soko la Mbuyuni. Saa saba mchana mionzi ya urujuanimno inaifikia seli ya tabaka la chini la ngozi yake ya juu, na kwenye uzi mmoja wa DNA inazigandisha pamoja besi mbili zilizo jirani, tuseme T na C. Uzi wa pili haujaguswa, bado una A na G mkabala wao. Hapo hakuna kilichopotea. Protini za ukaguzi zikipagundua mahali hapo, nyuzi zinafunuliwa, uzi wenye kasoro unakatwa pande zote mbili, kipande cha besi kama 30 kinatupwa, na pengo linajazwa kwa kufuata uzi mzima: penye A inawekwa T, penye G inawekwa C.

Ugumu ni kwamba mgando wa aina hii haupindi DNA sana, kwa hiyo hautambuliki upesi. Katika seli za binadamu, saa 24 baada ya kupigwa na jua, sehemu kubwa ya migando hii inaweza kuwa bado ipo. Wakati huohuo C iliyonaswa ndani ya mgando huelekea kupoteza kundi lake la amino na kugeuka U, badiliko ambalo kwa C iliyo huru ni la nadra mno, lakini kwa iliyonaswa huchukua saa kadhaa hadi siku chache. Hata hilo linatibika, maadamu G ya mkabala ingalipo.

Sasa seli ianze kunakili DNA yake usiku kabla mkasi haujafika. Kimeng'enya kinachoweza kunakili juu ya mgando kinaisoma U kama T, kinaweka A badala ya G. Mgawanyiko unaofuata, A hiyo inaita T. Palipokuwa na C na G pana T na A, na hakuna uzi uliobaki wa kusema ilikuwaje.

Je, urekebishaji wa besi zisizooana haungeokoa? Ndio unaopita nyuma ya unakili, unautambua uzi mpya kwa mikato iliyomo, unang'oa kipande chake na kukiandika upya kwa kufuata uzi wa zamani. Lakini unatafuta besi zisizooana, na U na A zinaoana. Na hata ungeutilia shaka uzi mpya, uzi wa zamani unaouamini ndio wenye kasoro. (Wanafunzi wengi huiona mifumo hii miwili kama walinzi wa zamu wanaopokezana, kumbe kila mmoja anatazama kitu tofauti.)

Kwa hiyo naegemea upande wa wanaolaumu jua, yaani wingi wa madhara yake, kwa sharti moja: wingi huo unadhuru kwa sababu ya mbio kati ya mkasi na unakili. Mwenye melanini nyingi hupata migando michache, na mingi kati yake hukatwa kwa wakati. Kwa mama yule migando ni mingi, na ngozi iliyoungua huzidisha mgawanyiko ili kujaza seli zilizokufa, hivyo muda wa mkasi unapungua pale unapohitajika zaidi. Protini p53 huisimamisha seli iliyoumia isianze kunakili. Jeni yake nayo ina C zilizopakana na T, na ikibadilishwa kwa njia ileile, seli hiyo haisimami tena.

Uvimbe wenyewe hutoa ushahidi. Ukisoma DNA yake ukakuta C mbili zilizofuatana zimekuwa T mbili, hiyo ni alama ya jua. Kama ungekuwa umeharibika urekebishaji wa besi zisizooana, ungekuta vifungu vifupi vya besi zinazojirudia vimerefuka au kufupika, jambo linaloonekana zaidi katika saratani za utumbo mpana za kurithi. Alama ya jua, hata hivyo, haitenganishi mkasi mbovu na mkasi uliozidiwa. Kipimo cha hilo ni kile alichotumia mtafiti James Cleaver mwaka 1968: seli za ngozi hupigwa urujuanimno maabara, kisha huangaliwa kama zinaingiza thaimidini, kijenzi cha T, yenye mnururisho nje ya kipindi cha kunakili. Za zeroderma pigmentosamu ziliingiza kidogo mno, maana mkasi wao haukukata, hivyo hazikuwa na pengo la kujaza.