Dashibodi ya mwezi ya kampuni ya utalii: inapima nini hasa?

Kampuni ndogo ya utalii Arusha ikishaanza kutekeleza mpango wake wa mwaka, ubishi huwa ni huu: viashiria vitazamwe kila mwezi au tusubiri robo mwaka? Wanaoukataa mwezi wana hoja. Aprili na Mei ni masika, magari yanalala, na ukiilinganisha Aprili na Februari kila kitu kitaonekana kimeanguka hata kama mpango unakwenda vizuri. Hilo lina dawa nyepesi: Aprili ilinganishwe na Aprili ya mwaka jana.

Kinachosumbua zaidi ni malipo kuchelewa. Mgeni anauliza safari leo, anatuma malipo ya awali wiki kadhaa baadaye, anafika Julai. Tuchukue mfano wa kubuni. Machi wameuliza watu 60, na 6 kati yao wakalipa mwezi huohuo. Aprili wameuliza 40, wamelipa 8. Dashibodi ya harakaharaka inagawa tu: asilimia 10, kisha 20. Bosi anafurahi. Ila ukifungua barua pepe za wale 8, unakuta 5 waliuliza Machi. Kumbe kundi la Machi limeshafika 11 kati ya 60, kama asilimia 18, na la Aprili lina 3 tu kati ya 40, asilimia 7.5. Machi nayo ilipoisha ilikuwa na asilimia 10, kwa hiyo Aprili imeteleza kidogo, wakati karatasi inasema imepaa maradufu.

Hapa watu wa robo mwaka watanikumbusha, na ni kweli, kwamba angelipa mgeni mmoja zaidi Aprili, tofauti hiyo ingefutika. Kwa namba ndogo hivi, kumkaripia mtu wa booking au kushusha bei ni kukurupuka. Lakini wanaouliza wamepungua kutoka 60 hadi 40, na kama Aprili ya mwaka jana haikushuka hivyo, ukilisubiri hilo hadi mwisho wa Juni, wengi wa wageni wa Julai na Agosti watakuwa wameshalipa kwingine. Mimi ningetazama kila mwezi, na uamuzi wa bei na ajira ningeuacha kwa robo mwaka. (Fedha iliyoingia benki nisingeiweka juu kabisa ya ukurasa: sehemu kubwa ni ya kulipia ada za hifadhi na loji, ambazo kampuni bado haijazilipa.)

Jedwali lenyewe linatosha ukurasa mmoja wa Excel: kila mstari ni mwezi ambao watu waliuliza, kila safu ni mwezi waliolipa. Lijazwe na mtu wa booking. Mhasibu anaona tarehe fedha ilipoingia. Mgeni aliuliza lini, hana pa kulisoma.