Ile Filimbi ya Harusini Ni Mie

Najua mmeshaipata ile video. Mpiga dumbaki wetu, ambaye mpaka Jumamosi jioni nilikuwa nikimwita rafiki, kairusha kwenye makundi matatu na maneno chini yake: "Refa kapuliza, harusi imekwisha." Sekunde 14. Wengine mmeniuliza mle ukumbini kulikuwa na mpira. Basi tulieni niwape mwenyewe. Haikuwa filimbi. Ilikuwa fidla, na aliyeishika ni mie.

Mjue kwanza kwamba mie ni fidla ya tatu. Fidla ya tatu kazi yake kujificha. Wakubwa wawili wanapiga mbele, wewe unafuata nyuma yao kama mtoto anayeitikia dua asiyoijua, na ukikosea hakuna wa kukunyooshea kidole. Nimekula pilau za watu miezi minane kwa mtindo huo. Jumamosi fidla ya pili kakosa boti ya kutoka Pemba. Si neno, bado mkubwa mmoja yupo. Tukaingia kwenye bashraf, ule muziki wa taarab usio na maneno, tumefika katikati, nikasikia "tang!" Uzi wake wa Mi umekatika. Akainama kupekua mkoba wake atafute mwengine. Na mbele yetu inakuja sauti moja ndefu, ya Mi, hesabu nane, ambayo kanuni na kodiani zinaishikilia kwa mbali tu na fidla ndiyo inayoimba.

Fidla ipi? Nikatazama kulia. Nikatazama kushoto. (Yakhe, kushoto kulikuwa na ukuta.)

Sasa hapa twende polepole, maana ndipo nilipofia. Nilikuwa nikipiga kwenye uzi wa La, nikatakiwa nihamie Mi, ule mwembamba wa mwisho, mtupu, bila kidole juu yake. Kuhamia uzi ni kazi ya mkono mzima: kiwiko kinashuka kidogo ili upinde uukalie uzi mpya sawasawa. Changu hakikushuka. Kilibaki juu palepale kama cha mtu anayepigwa sindano. Upinde ukaigusa Mi kwa unywele tu, na kwa woga nikauvuta mbio.

Fiiiiiiii.

Si sauti ya Mi hiyo, jamani. Ni kitu cha juu zaidi, cha kutoboa meno. Bibi mmoja mstari wa mbele akashika hereni zake. Nikajiambia, vuta tu, itakaa. Haikukaa. Hesabu ya tatu, ya nne, upinde unakaribia nchani, na mkono wangu ukafanya ulivyozoea: ukarudi nyuma ya mgongo kama anayefunga mlango wa gari. Mkono ukienda nyuma, ncha ya upinde inakwenda mbele, kwenye kichwa cha fidla. Na fidla yenyewe kwa uzito wa aibu ilishainamisha kichwa chini. Upinde ukateleza kwenye ule mteremko mpaka juu ya ubao wa vidole. Nikahisi sauti inakufa, nikaukandamiza. Filimbi ikakoma, ukaingia mkwaruzo, kama mtu anayekuna sufuria la wali ulioungua.

Laiti ingeishia hapo. Fundi wa sauti kule nyuma kadhani ni spika zinalia. Kijana mwema, anaijua kazi yake: akaanza kushusha maikrofoni moja moja kumtafuta mchawi. Akashusha kodiani. Fiiii ipo. Akashusha kanuni. Ipo. Akashusha besi. Ukumbi mzima kimya, nimebaki peke yangu hewani, safi, naupandisha upinde kwa hesabu zilizobaki, na fiiii imerudi. Mjomba wa bwana harusi akasimama kutazama nani kaleta filimbi. Dumbaki huku anacheka mpaka ngoma inamponyoka mapajani, na simu, mtajionea wenyewe, mkono wa pili.

Nikamaliza. Nikala. Nikaondoka kwa mlango wa jikoni.

Jana nikaenda kwa Maalim. Nilitaraji matusi. Hakusema kitu, aliichukua fidla yangu akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha. "Hebu njoo utazame." Mnajua nywele za upinde zinapakwa ulimbo ili ziushike uzi, na ulimbo huacha unga mweupe pale upinde unapopita. Kwenye fidla yake unga ule ulikuwa mstari mwembamba, katikati ya daraja, kile kijibao kinachonyanyua nyuzi, na mwisho wa ubao. Kwenye yangu ulitapakaa kote, mpaka juu ya ubao, kama chapati iliyonyunyiziwa unga na mtoto. "Mwanangu," akasema, "wewe hupigi fidla, unaifuta vumbi."

Akanisimamisha mgongo ukutani. Nikavuta upinde, na ulipofika nusu, kiwiko changu kikagonga ukuta: ko! Hiyo ndiyo dawa. Kuanzia nusu ya upinde mkono wa juu unatulia, kinachofunguka ni kiwiko, na kiganja kinakwenda mbele kidogo, mbali na mwili. Ukikifanya hivyo unahisi kama unapiga kombo kabisa. Nikabisha. Akaniwekea kioo ubavuni: upinde umelala sambamba na daraja, umenyooka. Kumbe miezi minane nilichokiita kunyooka ndicho kombo.

Kisha akanipa uzi wa La peke yake, upinde mzima kwa hesabu nne, na mahali pa kupita. Karibu na daraja uzi ni mkaidi: unataka uzito na mwendo wa taratibu. Karibu na ubao unalegea: unataka wepesi, na upinde uende mbio. Mie Jumamosi nilikandamiza pale palipotaka wepesi, ndipo sufuria likakunwa. "Ukisikia mkwaruzo," kasema Maalim, "ama umelemea kuliko pahala panapostahamili, ama unajikokota. Ukisikia mluzi au sauti tupu, umeparaza juu juu. Usiguse vyote kwa pamoja. Badilisha kimoja, sikiliza." Nikabadilisha vyote kwa pamoja. Akanipiga kwa macho.

Na ile Mi? Nilikuwa na hamu ya kusikia kwamba fidla yangu ni mbovu. Kasema uzi ule ni chuma kitupu, chembamba, na ukiguswa kwa wasiwasi hauchezi ubavu kwa ubavu kama wenzake. Unajisokota wenyewe kwa wenyewe, na kule kujisokota ndiko kunakopiga mluzi. Hata yeye humtokea. Kwa hiyo kiwiko kishuke kwanza, upinde uukalie uzi, ndipo uvute, mwanzo taratibu. Au, na hapa akashusha sauti kama anayenipa siri ya ukoo, bakia kwenye uzi wa La na uweke kidole cha nne, ni Mi ileile, na haipigi mluzi.

Miezi minane! Kidole cha nne ninacho tangu kuzaliwa!

Sasa nimesimama chumbani mgongo ukutani, ko, ko, ko, jirani kashauliza kama tunapigilia misumari. Na saa hii kanipigia mpiga video wa harusi. Nikamwahi: ndugu yangu, nakuomba kile kipande ukikate, nitakulipa. Kanyamaza kidogo, halafu kaniambia bibi harusi keshapiga simu kabla yangu. Kataka kibaki, na kiwekwe mwanzoni.