Mbuzi Aliyemfunika Mama Mkwe

Filamu yenyewe ilikuwa ya dakika 40 tu, habari za mahari, tumeipiga Tukuyu uani kwa mtu, nyuma ya migomba. Mvua ya Rungwe haiombi ruhusa. Kwenye tukio kubwa, pale mama wa binti anapotaja idadi ya ng'ombe, ilishuka kwenye bati kwa nguvu hata kwenye rekodi ukawa unamwona mama anafungua na kufunga mdomo tu. Tukakubaliana aje Mbeya mjini ayarudie maneno yake studio, tuyapachike kwenye picha.

Kabla sijaenda Iringa kurekodi harusi, nilimwachia shemeji yake Bosi mradi ukiwa umepangwa. Tunatumia Reaper, programu ya kuhariri na kuchanganya sauti. Treki zote zilikuwa kwenye mafungu matatu: maneno ya watu chini ya DX, milio yote (mvua, mlango, ndala kwenye tope, mbuzi) chini ya FX, na muziki chini ya MX. Fungu la muziki lilikuwa limeshushwa tayari, likabaki chinichini. Juu yake niliweka kompresa ya ReaComp inayosikiliza maneno: DX inatuma sauti kwenye chaneli 3/4 za MX, na pale kwenye Detector input nimechagua Auxiliary L+R. Kwa hiyo mtu akianza kuongea, muziki unajishusha wenyewe desibeli 8 hivi. Akinyamaza, unarudi taratibu, karibu nusu sekunde, ili usiruke ghafla ukamshtua mtazamaji.

Kazi iliyobaki ilikuwa kupachika sauti ya mama na kumweka mbuzi mahali pake. Kijana akaniambia kwenye simu, "Braza, hilo dogo, wewe kula wali wa harusi."

Nilirudi Jumamosi, nikapitiliza hadi Tukuyu moja kwa moja, kwa sababu Bosi alikuwa ameshaalika watu ukumbini: waigizaji, wazee wa mtaa, mwenye ua tuliopigia picha, mwenye mbuzi. Mama wa kwenye filamu nilikaa naye kiti kwa kiti. Nikamwamkia, akaniambia amewaleta wajukuu wote waje wamsikie anavyowakomesha wakwe.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Kisha ikaja ile sehemu ya mahari. Wajumbe wamekaa, zeze linalia kwa huzuni, na mbuzi aliyefungwa mgombani akasema, "Meee." Muziki wote ukainama, kana kwamba chifu amesimama kutoa hotuba. Mbuzi akanyamaza, muziki ukainuka. "Meee." Ukainama tena. Mzee mmoja nyuma yetu akasema kwa sauti, "Hapo sasa mbuzi ana neno."

Mama akafungua mdomo kwenye skrini. Sauti ikatoka, lakini mbali, ndani ya zeze. Nikaanza kuhesabu moyoni, maana najua maneno yake: "Binti yangu nimemsomesha, hatoki hapa bila ng'ombe..." Na hapo hapo, mahali pa ile namba iliyoibeba filamu nzima, mbuzi akalia kwa sauti ya kujiamini, na mama akapotea kabisa. Wajumbe kwenye skrini wakashika vichwa kwa mshtuko.

"Kasema ngapi?"

"Nane."

"Nane wapi, kasema kumi na nane, humwoni yule anavyolia?"

Ukumbi ukagawanyika. Mama akanigeukia. "Mwanangu, mimi nilinong'ona vile studio?"

Nikamwambia hapana, mama, ulipaza vizuri. Nikaenda nyuma kwenye laptopu, Bosi akasimamisha picha.

Kwenye dirisha la Reaper kila kitu kilijieleza. Kijana alikuwa ameona nafasi tupu kwenye treki ya maneno ya mama, zile sekunde ambazo mvua ilikuwa imemeza sauti tukazikata, akaona ni uwanja wa bure. Akamweka mbuzi humo. Sauti mpya ya mama ilipofika kutoka studio ikakuta kiti kimekaliwa. Akatafuta treki nyingine yenye nafasi, akaipata chini ya MX. "Braza, si zote ni sauti tu?" aliniuliza, na kwa haki yake, kwenye skrini vyote vilikuwa vipande vya rangi moja.

Lakini kompresa haimjui mtu wala mbuzi. Inachojua ni kwamba kilichomo DX kinapewa njia na kilichomo MX kinapisha. Mbuzi akawa mzungumzaji mkuu, mama akawa kinanda: kwanza ameshushwa pamoja na muziki wote, halafu kila mbuzi akilia anashushwa zaidi.

Wazee wakasema hawatoki mpaka wasikie namba. Basi nikaanza pale pale, kwa hedifoni, Bosi amenisimamia begani.

Mbuzi nikamrudisha FX, mama nikamleta DX. Nikabonyeza S ya DX, nikasikiliza maneno peke yake bila kutazama picha. Hiyo ndiyo ya kwanza siku zote: maneno yakieleweka yakiwa uchi, mengine yanapangwa kuyazunguka. Nikayaweka vilele vyake vicheze karibu na desibeli -10, nikakata ngurumo za chini ya hetzi 80, basi. Bosi akanong'ona, "Weka muziki nisikie." Nikamkatalia. Muziki ukitangulia, masikio yanauzoea, kisha unapandisha maneno yaushinde, unapandisha mvua iyashinde maneno, unarudi kwenye muziki, mpaka taa nyekundu inawaka na bado hakuna anayemsikia mama.

Shida iliyobaki ilikuwa kwamba sauti yake ilisikika ya chumbani wakati midomo iko uani kwenye mvua. Na kila picha ilipohamia kwa wajumbe, mvua yao ya asili iliingia ghafla. Ikirudi kwa mama, kimya. Dawa yake ni mvua moja ndefu isiyokatika. Siku ya kupiga picha nilirekodi mvua ya bati peke yake, dakika nzima, watu wote wamenyamaza, wakiniona nimechanganyikiwa. Nikaitandaza FX kuanzia mwanzo wa tukio hadi mwisho, ikafunika viungo vyote, na mama akarudi uani kwake. Mbuzi nikambakiza, ila nikamsogeza kidogo nyuma, alie kabla mama hajaanza, na nikampunguza makeke.

Muziki ukaja mwisho. Kwa kuwa kila kitu kilikuwa kinasikika tayari, ulihitaji kuingia kidogo mno; Bosi alidhani sijaufungulia mpaka nilipobonyeza M ukazimika, akaona pengo.

Tukatoa lile tukio peke yake, tukalirusha. Zeze likapisha, mama akanguruma: "...bila ng'ombe kumi na wawili!" Wajukuu wakaruka kwenye viti. Mzee wa nyuma, aliyekuwa ameshikilia nane, akasema hata toleo la kwanza alisikia hivyo hivyo. Mama akanishika mkono, "Ndaga, mwanangu," akatoka kifua mbele.

Mwenye mbuzi ndiye aliyebaki mlangoni anamsubiri Bosi. Akasema ameona kwa macho yake: mara ya kwanza mbuzi wake ameongea filamu nzima, hata muziki umemnyamazia, mara ya pili amepunguzwa bila yeye kushirikishwa. Mama amelipwa. Yeye je?

Bosi alinitazama, nikatazama waya nilizokuwa nakunja. Akatoa noti ya elfu kumi. Kwenye daftari la matumizi akaandika: mbuzi, sauti, 10,000.