Mashua ya Ujiji: kwa nini shanga, kete, rupia na noti zilikubalika

Mwaka 1874 msafiri wa Kiingereza aitwaye Verney Lovett Cameron alikuwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, akitafuta mashua ya kukodi. Mashua aliyoitaka ilikuwa mikononi mwa wakala wa Said bin Habib, naye wakala alitaka kulipwa kwa pembe za ndovu. Cameron hakuwa na pembe hata moja. Akasikia kwamba Mohammed bin Salib anazo, lakini huyo anataka nguo, na Cameron nguo hakuwa nazo. Akaendelea kuulizia mpaka akaambiwa kwamba Mohammed bin Gharib ana nguo na anatafuta waya. Waya Cameron alikuwa nao. Basi akampa bin Gharib waya, bin Gharib akampa bin Salib nguo, bin Salib akampa wakala pembe, na mashua ikapatikana.

Kisa hiki wanauchumi wanakipenda sana. Wanakitumia kuonyesha taabu ya kubadilishana mali kwa mali: ni lazima umpate mtu mwenye unachotaka, ambaye naye anataka ulicho nacho. Hata shuleni tulifundishwa hivyo, kwamba kwanza watu walibadilishana mbuzi kwa mahindi, wakachoka, wakabuni pesa.

Mimi nadhani kisa hicho husomwa nusu, kwa sababu Cameron huyohuyo ameeleza pia soko la Ujiji, na sokoni hapo pesa ilikuwepo. Zilikuwa shanga zilizoitwa sofi, zenye umbo la vipande vidogo vya mrija wa kiko uliovunjika. Asubuhi soko linapoanza, walikuwepo watu wenye mifuko iliyojaa sofi. Mnunuzi aliyekuja na shanga za aina nyingine aliwapa zake, wakampa sofi, akaenda kununua. Soko lilipofungwa, watu walewale walizipokea sofi kutoka kwa wauzaji na kuwapa kitu kingine, huku wakipata faida asubuhi na jioni. Kwa neno la leo, hao walikuwa wabadilisha fedha.

Hebu tulitazame jambo hilo vizuri. Mtu aliyeuza samaki sokoni Ujiji alikuwa na pesa mkononi. Waliohangaika mali kwa mali ni matajiri wa misafara na mgeni wao, kwa sababu walikuwa na shughuli kubwa, ya mara moja, isiyopimika kwa sofi. Kwa hiyo kubadilishana mali kwa mali hakukuwa hatua ya watu wasiojua pesa. Kulikuwa njia ya watu ambao pesa ya mahali pale haikuwatosha.

Kwa nini sofi, na si nguo? Nguo ndiyo iliyokuwa mali kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, hasa merikani na kaniki, nayo ilihesabiwa kwa shuka na doti. Lakini doti moja ya merikani ni nyingi mno kwa mtu anayetaka dagaa wa mboga ya jioni, na ukiikata vipande unaiharibu. Shanga ni ndogo, haiozi, inahesabika, na hata ikivuka mikono mia moja inabaki ileile. Tena mwenye duka la shanga pwani hakuweza kuijaza Ujiji shanga kwa urahisi, maana kila mzigo ulibebwa kichwani au begani kwa miezi.

Ila shanga ilikuwa na udhaifu wake, nao kila kiongozi wa msafara aliujua. Henry Morton Stanley, aliyepita njia hizo mwaka 1871, aliandika kwamba shanga nyeusi zilikuwa pesa Ugogo, lakini kwingine hazikuwa na thamani yoyote. Aliyekosea kufungasha mizigo pwani aliweza kufika bara akiwa na gunia zima la shanga nzuri zisizomnunulia hata kibaba cha mtama. Hapo ndipo ninapoiona sababu halisi ya pesa kuenea au kukwama. Uzuri wa kitu si hoja. Mtu huuliza jambo moja tu: nikikipokea leo, kesho nani atakipokea kutoka kwangu?

Kete zinalionyesha hilo kuliko kitu kingine chochote. Nazungumzia kete za baharini, ambazo wengine huziita simbi au kauri, wale konokono wadogo wenye gamba jeupe linalong'aa. Zimejaa Unguja, Mafia na mwambao wote. Unguja kwenyewe hazikuwa pesa, na sababu iko wazi: nani atakuuzia kuku kwa kitu ambacho mtoto wake anaweza kukiokota pwani maji yakitoka? Lakini ukizipeleka Buganda, mbali na bahari, hali inageuka. Huko hakuna awezaye kuzivuna, hakuna awezaye kuzighushi, na ukitoboa mgongo wake unaweza kuzitunga kwenye uzi mia mia na kuzihesabu haraka. Umbali ndio uliokuwa benki kuu yake. Mpaka leo Mganda akisema pesa husema "ensimbi", na neno hilo ndilo simbi hilihili letu.

Umbali huo ulivunjwa na meli. Kuanzia miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg walianza kununua kete kwenye mwambao wetu na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako kwa karne nyingi watu walikuwa wakitumia kete ndogo zilizotoka Maldivi. Kampuni ya O'Swald iliyokuwa na ofisi Unguja ilikuwa mojawapo. Kitu kilichookotwa hapa kwa bei ndogo kilinunua mafuta ya mawese kule. Shehena zikafuatana, na kila moja iliposhushwa, kete za aliyekuwa ameweka akiba ndani zikapungua nguvu. Buganda nayo ikapitia njia hiyohiyo baadaye. Kufikia mwaka 1901 simbi zipatazo 800 ndizo zilizohitajika kupata rupia moja. Kodi ya nyumba chini ya Mkataba wa Uganda wa 1900 ilikuwa rupia tatu kwa mwaka, kwa hiyo aliyeilipa kwa simbi alipaswa kuleta 2,400, na karani azihesabu. Mwaka huohuo serikali ya Waingereza ikaacha kuzipokea kwa kodi. Hazikuharibika wala hazikubadilika rangi. Mpokeaji mkubwa ndiye aliyejitoa.

Na hapo ndipo sarafu ilipopata nguvu. Sarafu yenyewe haikuwa ngeni. Kilwa masultani walipiga sarafu zao za shaba karne nyingi kabla ya Mreno kuonekana, na Unguja rupia ya Uhindi na pesa zake za shaba zilikuwa zimeshazoeleka. Neno "pesa" lenyewe tumelipata huko. Lakini sarafu ilibaki kitu cha pwani. Mtu wa Ujiji angeitaka ya nini, ikiwa sokoni kwake wanataka sofi?

Wajerumani walianza kutoa rupia yao mwaka 1890, yenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili. Sidhani sura hiyo ilimshawishi mtu yeyote. Kilichomshawishi ni kodi ya nyumba iliyoanza mwaka 1898. Mwanzoni walikubali watu walipe kwa mazao au kwa kazi, kisha wakazidi kubana mpaka ikawa fedha taslimu. Mwenye nyumba Unyamwezi alikuwa na ng'ombe, mtama, asali na jembe, lakini bomani havikutakiwa. Ili apate rupia ilimbidi auze mazao kwa mwenye rupia, au abebe mizigo, au ashuke pwani kwenye mashamba ya mkonge na mpira, ambako siku thelathini za kazi ziliandikwa kwenye kadi iliyoitwa kipande. Rupia ilitoka serikalini kama mshahara, ikapita kwa mwenye duka, ikarudi serikalini kama kodi. Kila aliyeipokea njiani aliipokea kwa sababu alijua kuna mtu mbele yake anaihitaji ili asikamatwe.

Kwa hiyo mimi sikubali ile lugha ya kwamba sarafu ilienea kwa kuwa ni "ya kisasa" na shanga zikafa kwa kuwa ni "za kienyeji". Sofi zilifanya kazi yake vizuri sana. Zilikufa kwa sababu boma halikuzitaka. Mwaka 1904 Wajerumani walianza kugawa rupia kwa heller 100, na watu wetu wakaiita hela. Kaisari ameondoka, rupia imeondoka, na bado tunasema hatuna hela.

Noti ilikuwa na njia ngumu zaidi, kwa sababu haina chochote ndani yake. Rupia ya fedha ukishindwa kuitumia unaweza kuiyeyusha ukafanya bangili. Karatasi inaliwa na mchwa. Baada ya 1919, chini ya Waingereza, Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilizifanya noti zake zikubalike kwa ahadi moja: shilingi yake ingeweza kubadilishwa kwa pauni London. Mnunuzi wa pamba au kahawa, aliyepaswa kulipa wakulima mamia kwa wiki chache za msimu, alipata njia ya kubeba mkobani kilichohitaji magunia ya sarafu. Mkulima naye aliipokea kwa kuwa duka liliipokea, na bomani iliingia kwa kodi.

Lakini kabla ya hapo watu walikuwa wameshaonjeshwa karatasi ya aina nyingine. Vita vilipoanza 1914, manowari za Waingereza zilifunga pwani na sarafu kutoka Ujerumani zikakoma. Serikali ikaanza kuchapa noti za muda hapahapa nchini. Mwaka 1916, Tabora, karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha sarafu: hela za shaba, na hata rupia 15 za dhahabu ya Sekenke, zenye tembo upande mmoja. Watu wakafanya ambalo watu hufanya siku zote wakipewa pesa mbili zenye jina moja na uzito tofauti. Rupia za fedha zikafukiwa chini, noti zikasukumwa mbele kwa yeyote atakayezipokea.

Septemba 1916 Tabora ikatekwa na Wabelgiji. Jeshi la Wajerumani likarudi nyuma kuelekea kusini, na mwaka 1917 huko porini zikatolewa noti ambazo maandishi yake yalipigwa kwa mihuri ya mpira. Novemba mwaka huo jeshi likavuka Ruvuma likaingia Msumbiji. Mpagazi aliyebaki upande huu na noti hiyo ya rupia moja alikuwa na karatasi yenye saini, yenye tarehe, yenye ahadi ya serikali. Boma la kuipokea halikuwepo tena.