Wimbi la T si usingizi wa moyo

Karibu kila anayeanza kusoma ECG, mchoro wa umeme wa moyo wenye mawimbi yanayoitwa P, QRS na T, hukaririshwa sentensi moja siku ya kwanza: P ni vyumba vya juu kusinyaa, QRS ni vyumba vya chini kusinyaa, T ni moyo kupumzika. Mimi pia niliikariri. Niliiandika daftarini, nikapata maksi zangu, nikatembea nayo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Leo ningekuwa na uwezo ningeifuta kila ubao ilipoandikwa, maana inakubeba hadi swali la kwanza tu. Swali la pili linakukuta huna kitu.

Kwangu mimi swali hilo la pili lilitoka kwa mwanafunzi. "Mwalimu, kama QRS ni kusinyaa na T ni kinyume chake, mbona zote mbili zimesimama juu?" Nilifungua mdomo nimjibu, nikagundua kwamba sentensi niliyoikariri haina jibu.

Tuanze na kile ambacho mashine inapima. Elektrodi zilizobandikwa ngozini hupima umeme, basi. Hazijui kama msuli umebana au umelegea, hazijui kama damu imesukumwa. Seli ya moyo ikiwa imetulia, ndani yake ni hasi ukilinganisha na nje. Ikichochewa, sodiamu yenye chaji chanya humiminika ndani na hali hiyo hugeuka ghafla. Vitabu huita tukio hilo dipolaraizesheni. Hapa nitasema seli imewaka. Baadaye potasiamu hutoka na seli hurudi ilikokuwa. Hiyo ni ripolaraizesheni, nami nitasema seli imezima. Kusinyaa kwa msuli huja nyuma ya kuwaka, kwa kuchelewa kidogo, kwa sababu lazima kwanza kalsiamu iingie na kuziamsha nyuzi zinazovutana. Kwa hiyo mchoro wa ECG ni mchoro wa amri, na utekelezaji wa amri hauonekani humo.

Kanuni ya kusoma mchoro ni moja. Kuwaka kukisafiri kuelekea elektrodi chanya, mstari hupanda. Kukiipa mgongo, mstari hushuka. Kuzima hufanya kinyume chake: kukielekea elektrodi, mstari hushuka, na kukiondoka, hupanda. Shika hilo, tutalihitaji kwenye T.

Sasa chukua pigo moja la mtu mzima mwenye afya, kwenye lidi ya II. Lidi ni pembe ambayo mashine inautazama moyo, na hii ya II hutazama kutokea upande wa chini, usawa wa mguu wa kushoto. Karatasi inakwenda kwa mwendo wa kawaida wa milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo kijisanduku kimoja kidogo cha milimita 1 ni sekunde 0.04. Kwenda juu, milimita 10 ni milivolti 1. Kati ya pigo na pigo kuna vijisanduku 20, yaani sekunde 0.8. Gawanya 60 kwa 0.8, moyo unapiga mara 75 kwa dakika.

Kwanza kinatokea kilima kidogo cha mviringo, chenye upana wa vijisanduku viwili na nusu na kimo cha milimita moja na nusu. Hiyo ni P. Cheche yenyewe imeanzia kwenye kikundi kidogo cha seli kilicho juu ya chumba cha juu cha kulia, lakini kikundi hicho ni kidogo mno kiasi kwamba elektrodi za ngozini hazikioni. Tunachokiona ni moto ukienea kwenye kuta za vyumba vya juu: nusu ya kwanza ya P ni hasa chumba cha kulia, nusu ya mwisho ni cha kushoto. Kuta hizo ni nyembamba, ndiyo maana kilima ni kifupi. Umeme unashuka kuelekea elektrodi yetu, ndiyo maana kimesimama juu. P ya kawaida haipiti vijisanduku vitatu kwa upana wala milimita 2.5 kwa kimo.

Baada ya P mstari unalala. Anayeanza hudhani hapo hakuna kinachoendelea, kumbe umeme umeingia kwenye kituo kilicho kati ya vyumba vya juu na vya chini, nacho huupitisha polepole kwa makusudi ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu chini. Mwendo ndani ya kituo hicho hauonekani ngozini kwa sababu nao unahusisha seli chache. Kwa mtu wetu, kutoka P inapoanza hadi QRS inapoanza ni vijisanduku vinne, sekunde 0.16. Kawaida ni kati ya 0.12 na 0.20.

Kisha QRS: mchomo mkali wa milimita 11 kwenda juu, uliobanwa ndani ya vijisanduku viwili tu. Fikiria jambo hilo. Vyumba vya chini vina msuli mwingi mara nyingi zaidi ya vile vya juu, lakini vimewaka vyote kwa sekunde 0.08, haraka kuliko P. Sababu ni njia. Kwenye vyumba vya chini umeme hupita kwenye nyuzi maalumu zinazoitwa nyuzi za Purkinje, zinazousambaza kwa kasi kubwa hadi pande zote karibu kwa pamoja. Kimo kirefu kinakueleza wingi wa msuli, wembamba unakueleza kwamba njia ni nzima. Njia ikikatika upande mmoja, umeme hulazimika kutambaa kutoka seli hadi seli, na QRS hupanuka hadi vijisanduku vitatu au zaidi. Ukiona hivyo, shuku njia kabla ya kushuku nguvu ya msuli.

Herufi tatu nazo zinachanganya watu bila sababu. Mchomo wa kwanza kwenda chini kabla ya kupanda ni Q. Wowote unaopanda ni R. Unaoshuka baada ya R ni S. Si lazima zote tatu ziwepo. Q ndogo ambayo huonekana kwenye lidi za upande wa kushoto, kama V6, hutokana na ukuta unaotenganisha vyumba vya chini kuwaka kutoka kushoto kwenda kulia, yaani ukiipa mgongo elektrodi hiyo kwa muda mfupi sana. Na vyumba vya juu vinazima lini? Wakati huohuo wa QRS. Umeme wao ni mdogo, unamezwa na kishindo cha vyumba vya chini, ndiyo maana hakuna herufi yake.

Sasa T, na hapa ndipo ninapogombana na ile sentensi. Vyumba vya chini huwaka kutoka tabaka la ndani la ukuta kwenda la nje. Kama vingezima kwa mpangilio uleule, ndani kwanza kisha nje, T ingepinduka na kuangalia chini. Lakini seli za tabaka la nje hukaa zimewaka kwa muda mfupi kuliko za ndani. Ni kama ujirani ambamo nyumba ya mwisho kuwasha taa ndiyo ya kwanza kuizima. Kuzima basi kunasafiri kutoka nje kwenda ndani, kunaipa mgongo elektrodi, na kanuni inasema kuzima kunakoondoka hupandisha mstari. Vinyume viwili vimekutana, T ikasimama upande uleule wa QRS. Hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa mwanafunzi wangu siku ile.

Umbo lake pia lina maana. T ya mtu wetu ina kimo cha milimita 3, ni pana, inapanda taratibu na kushuka haraka kidogo. Ni pana kwa sababu kuzima hakupitishwi na zile nyuzi za kasi; kila seli hujizimia kwa wakati wake.

Je, T ni mapumziko? Weka saa kwenye pigo letu. P imeanza sifuri, QRS imeanza 0.16 na kwisha 0.24, kisha mstari unalala hadi karibu 0.36, T inapanda, na inakwisha 0.54. Shinikizo ndani ya vyumba vya chini linaanza kupanda QRS ikiwa bado inachorwa, lakini damu inatoka kwa nguvu baadaye, wakati mstari umelala na T inaanza kupanda. Yaani moyo unapofanya kazi yake nzito kuliko zote, karatasi inaonyesha mstari bapa! Vyumba huanza kulegea kweli na vali za kutolea damu hufunga karibu na T inapomalizika. Kwa hiyo sehemu kubwa ya T moyo uko kazini. Mapumziko ya kweli ni kuanzia mwisho wa T kuendelea.

Nimesikia watu wakisema huu ni uchambuzi wa kupita kiasi kwa mtu anayeanza. Sikubaliani nao, na nina hoja moja: kuna hali ambapo mashine inaonyesha P, QRS na T zimepangika, lakini ukigusa shingo hakuna mapigo. Amri inatolewa, msuli hautekelezi. Mtu huyo moyo wake umesimama na anahitaji kukandamizwa kifua papo hapo. Aliyefundishwa kwamba QRS ni kusinyaa atautazama mchoro na kusema moyo unapiga.

Kabla ya kushtushwa na mawimbi yaliyopinduka, angalia uko kwenye lidi gani. Kwenye aVR, inayotazama kutoka bega la kulia, P, QRS na T zote huelekea chini, na ni sawa kabisa, kwa sababu umeme wa moyo unaipa mgongo. T iliyopinduka kwenye lidi ya V1 nayo inaweza kuwa ya kawaida kwa mtu mzima. Lakini ukikuta zote tatu zimepinduka kwenye lidi ya I, inayotazama kutoka upande wa kushoto, na zimesimama kwenye aVR, usiandike ugonjwa bado. Nenda kwa mgonjwa uangalie mikono: mara nyingi elektrodi ya kulia imebandikwa kushoto na ya kushoto kulia. Mimi niliwahi kuandika ripoti nzima juu ya moyo uliokaa upande wa kulia wa kifua, kwa mtu ambaye moyo wake ulikuwa mahali pake. Nesi aliyekuwa zamu alibadilisha zile waya mbili, akapiga ECG nyingine, akaniwekea karatasi mpya mezani bila kusema neno.