Kuomba barua si kukosa imani

Binamu yangu alipigiwa simu na wakala wa ajira: "Hongera, kazi ni yako." Alipoomba maandishi, wakala akamjibu kwa mkato kwamba kampuni haipendi watu wenye wasiwasi. Jibu hilo limenikera sana. Mtu anataka kukopa benki ahamie kwenye kituo kipya cha kazi, halafu anaambiwa ana wasiwasi!

Afisa mikopo hawezi kuweka simu ya mtu kwenye faili. Anataka kujua nani atalipa mshahara, kiasi gani, kuanzia lini na kwa mkataba wa muda gani. Binamu aliposisitiza, alitumiwa barua pepe ya mistari miwili ya pongezi, kutoka kwa wakala. Benki ikairudisha, na nadhani ilikuwa na haki. Wakala si mwajiri. Jina la atakayemlipa halikuwemo, wala mshahara, wala tarehe ya kuanza.

Kwa hiyo usiombe tu "uthibitisho". Siku ileile ya simu, andika wewe kwanza yale mliyokubaliana:

"Asante kwa simu ya leo. Nimeelewa kwamba cheo ni …, mshahara ghafi kwa mwezi ni …, mkataba ni wa …, na nitaanza tarehe …. Naomba barua ya ofa kutoka kwa mwajiri, yenye nembo, tarehe, saini na cheo cha aliyesaini, pamoja na jina langu kama lilivyo kwenye pasipoti. Ni kwa ajili ya maombi ya mkopo, na ninaihitaji kabla ya tarehe …. Kama kuna nilichokosea, tafadhali nisahihishe."

Ujumbe huo unamrahisishia wakala kazi, maana anausogeza kwa mwajiri kama ulivyo. Tena kama mshahara uliotajwa kwenye simu haukuwa wa kweli, utalijua hilo sasa, kabla hujaacha kazi uliyonayo.

Nakubali, wakati mwingine wakala anangoja idhini ya bajeti kutoka juu. Basi aseme hivyo. Ofa ambayo haijaidhinishwa bado si ofa.

Kwa viza, mambo huzunguka: mwajiri anasema leta viza kwanza, ubalozi nao unataka barua kwanza. Hapo omba barua yenye sharti, inayosema ajira itaanza ukishapata kibali. Lakini uliza mapema, kwa sababu nchi nyingi zinataka pia hati ambayo mwajiri mwenyewe huiombea serikalini, na barua pekee haitoshi.

Barua hiyohiyo ukiipeleka benki, sharti lile linaweza kukukwamisha. Benki nyingi hutaka masharti yawe yameshatimia, na nyingine husubiri kipindi cha majaribio kiishe. Binamu alipata barua kamili mwishowe, ila ilisema ofa inategemea majibu ya wadhamini aliowataja kwenye maombi ya kazi. Afisa mikopo akaiweka kando mpaka mwajiri alipothibitisha kwa maandishi kwamba majibu yameshapokelewa.