Msimu wa kusi haufiki Desemba: makadirio ya hasara za mikopo Malindi

Tuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo cha Malindi kinachofunga hesabu zake 31 Desemba. Wakopaji wengi ni wavuvi wa Mayungu na Ngomeni walionunua boti na injini. Mikopo ya shilingi milioni 6 imechelewa zaidi ya siku 30 lakini haijafika 90. Meneja hana wasiwasi: "Huku kalenda ni bahari. Wakati wa kusi mtu hatoki, atalipa nini? Kaskazi ikiingia, wanalipa."

Hoja hiyo haifai kupuuzwa. IFRS 9, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa mikopo na mali nyingine za kifedha iliyoanza kutumika 1 Januari 2018, inachukulia kwamba mkopo ukichelewa zaidi ya siku 30 hatari yake imepanda sana. Hapo hasara hukadiriwa kwa muda wote uliobaki wa mkopo, si kwa miezi 12 ijayo tu. Lakini dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi, na anayewajua wavuvi hawa ni meneja, si mkaguzi aliyeshuka kwenye basi juzi. Kwa ajili ya hasara meneja ametenga asilimia 1, yaani shilingi 60,000. Tuseme historia ya chama chenyewe, kwa mikopo ya namna hii, inaonyesha asilimia 15: shilingi 900,000.

Mimi kama mkaguzi ningeanza na tarehe. Mkopo uliochelewa siku 45 kufikia 31 Desemba ulianza kuchelewa katikati ya Novemba, wakati kusi imeshapita na kaskazi inaingia. Kwa kalenda ya meneja mwenyewe, huu ndio wakati wa kulipa. Basi ama mvuvi ana shida nyingine, ama deni ni la tangu Julai, likapangwa upya Septemba na hesabu ya siku ikaanza sifuri. Hilo hujulikana kwa kufungua mafaili: mkataba mpya ulisainiwa lini, na tangu hapo kimelipwa nini? Kisha tazama malipo ya Januari na Februari, kabla ripoti ya ukaguzi haijasainiwa. Hakikisha tu pesa hizo hazikutoka kwenye mkopo mpya wa chama hichohicho. Nimeuona mchezo huo, na kwenye orodha ya malipo unapendeza sana.

Jambo la pili ni dhamana. Mikopo ya milioni 4 imepita siku 90, na menejimenti inasema boti zikiuzwa zitarudisha asilimia 70 ya deni. Mwaka jana walisema hivyohivyo, ila mnada na gharama zake viliacha asilimia 50. ISA 540, kiwango cha kimataifa cha ukaguzi wa makadirio, kinamtaka mkaguzi arudi nyuma namna hii kulinganisha makadirio ya zamani na yaliyotokea.

Hata hivyo, kukosea si lazima kuwe kuegemea upande. Aliyekadiria hasara za wahudumu wa hoteli za Malindi mwisho wa 2019 hakuweza kujua kwamba Machi 2020 Kenya ingesimamisha ndege za abiria za kimataifa. Kumhukumu kwa hilo ni uonevu, na kiwango chenyewe hakikusudii kuhoji uamuzi uliofuata taarifa zilizokuwepo wakati ule. Za boti ni habari nyingine: matokeo ya mnada yalikuwa mezani, na asilimia 70 ikaachwa palepale.

Kwenye boti mkaguzi naye asijifanye ana jibu moja. Akiona asilimia 45 hadi 60 zote zinakubalika, kosa analoweza kulidai ni pengo la kutoka 60 hadi 70, yaani shilingi 400,000. Likijumlishwa na pengo la 840,000 kati ya 60,000 na 900,000 za mikopo iliyochelewa, tunapata milioni 1.24. Kama kiwango cha umuhimu, yaani ukubwa wa kosa unaoweza kumpotosha msomaji wa hesabu, ni milioni 1.5, hakijavukwa.

Hapo wakaguzi hugawanyika. Wako wanaosema yote yako chini ya kiwango, tusonge. Nawaelewa, kwa kuwa ISA 540 yenyewe inasema dalili za kuegemea upande si lazima ziwe kosa la hesabu. Lakini dhana zote mbili zimevuta kuelekea faida, na tuseme ni katika mwaka ambao bodi imewaahidi wanachama gawio. Mwelekeo huo unanilazimu nirudi kwenye makadirio mengine, hata yale niliyokwisha kuyapitisha. Ningefanya hivyo pia kama chama kingetenga kupita kiasi katika mwaka mzuri ili kipate pa kuchota mwaka mbaya.

Ningeomba makadirio ya boti yasahihishwe sasa, na ya mikopo ya kusi yangoje malipo ya Februari. Na ningeangalia kitu kimoja zaidi: iwapo kwingine kuna kosa ambalo likisahihishwa faida itapanda, je, watalisahihisha hilo na kuyakataa haya mawili? Wakifanya hivyo, suala linakwenda kwa kamati ya ukaguzi kwa maandishi, hata kama jumla bado iko chini ya milioni 1.5.